Sharubu la Babu: jinsi ya kupunguza sharubu lililoshuka mdomoni

Sikukuu ya Idi iliyopita nyumba yetu ya hapa London ilijaa watu kama kawaida. Shangazi kaja na wanawe, Mama kapika biriani, watoto wamekaa hadi kwenye ngazi. Babu peke yake hakushuka. Alimwambia Mama ampelekee sahani chumbani, ati miguu inamuuma. Mimi ndo nilipanda na sahani, nikamkuta anatoka chooni anatembea vizuri tu, bila hata mkongojo. Nikajua hapa si miguu.

"Shikamoo Babu. Mbona hushuki? Wageni wanakuuliza."

"Marahaba. Weka hapo." Halafu akagusa mdomo wake wa juu. "Na hili, nishuke nalo?"

Babu ana sharubu tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Zamani alilipunguza mwenyewe kila Ijumaa asubuhi, kwa mkasi mdogo, mbele ya kioo cha bafuni. Mwaka jana akapata kiharusi. Alhamdulillahi anaongea na anatembea, lakini mkono wa kulia unatetemeka, na mkasi hawezi tena. Nywele zikashuka taratibu mpaka zikafunika mdomo wote wa juu. Chai ya maziwa ikawa inaacha utando. Uji unaganda. Na mchuzi ndo ulikuwa mbaya zaidi, maana bizari ya manjano ilishatia rangi nywele nyeupe, hata akinawa haitoki. Siku moja mtoto wa Shangazi alimkodolea macho anavyojifuta kila baada ya tonge, akacheka. Mtoto tu, hana makosa. Lakini tangu siku hiyo Babu hakula tena na watu.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomkera. Aliniambia kupunguza sharubu ni katika sunna za maumbile, na kuna hadithi katika Sahihi Muslim kwamba lisiachwe zaidi ya siku 40. "Mimi nimepitisha miezi mitatu," akasema. "Nipunguzie wewe."

Nilikubali papo hapo. Kusema kweli, sikujua chochote.

Kwanza niliharibu langu

Mimi mwenyewe nina sharubu, si kubwa, lakini lilikuwa limeanza kugusa mdomo. Nikasema nijaribie kwangu kabla sijagusa la Babu. Nikaoga, nikatoka na nywele zimelowa, nikasimama mbele ya kioo nikatabasamu ili ngozi ivutike, nikachukua mashine ya kunyolea bila kuivalisha kitana chake, nikaanza pembe ya kushoto kwenda kulia.

Nywele zilipokauka, upande wa kushoto ulikuwa juu kuliko wa kulia. Nikapandisha wa kulia. Sasa wa kulia ukawa juu zaidi. Nikarudi kushoto. Baada ya robo saa nilibaki na kistari chembamba chini ya pua, kama mtu kanichora kwa penseli. Nikanyoa lote. Dada yangu alicheka wiki nzima.

Jumamosi nikaenda kwa Ami mmoja, rafiki wa baba, ambaye alikuwa kinyozi Mombasa kwa miaka mingi. Si ami yangu wa damu, lakini ndivyo tulivyozoea kumwita. Aliniangalia tu akaniuliza maswali matatu. Ulikata zikiwa mbichi? Ulitabasamu? Ulianzia pembeni? Yote matatu nilijibu ndiyo. Akanikalisha, akanieleza moja moja.

Unywele uliolowa hulala na kuvutika, unaonekana mrefu kuliko ulivyo. Ukikauka unajikunja na kupanda. Nywele zetu wengi ni za kujikunja, kwa hiyo zinapanda sana. Ukikata kwenye mstari wa mdomo zikiwa zimelowa, zikikauka mstari utakuwa juu ya mdomo na ngozi itaonekana. Kwa hiyo kata zikiwa kavu kabisa. Kama zimechafuka zioshe kwanza, kisha ungoje zikauke. Usiharakishe.

Kuhusu kutabasamu, mdomo ukicheka unavutika kwa pembeni na kukonda, na sharubu lote linapanda nao. Mstari unaoufuata wakati huo si mstari utakaokuwa nao uso ukitulia. Uso uwe kama wa mtu anayesubiri basi: mdomo umefungwa, meno hayakubana, midomo haikukazwa.

Na kuanzia pembeni ndiko kulikozaa ule mchezo wa kushoto na kulia. Ukianza pembe moja, huna alama ya kukuongoza, kila mkato unafuata mkato uliopita. Ukianza katikati, chini ya kile kijifereji kinachotoka puani, unapata alama moja, kisha unatoka kidogo kushoto, kidogo kulia, na kila mara unalinganisha na katikati. Hata ukikosea, unakosea kwa milimita moja.

Nini kinahitajika

Vitu ni vichache. Kitana kidogo chenye meno yaliyokaribiana. Mkasi mdogo wa sharubu, ule wenye ncha za mviringo na makali mafupi. Mkasi wa jikoni au wa karatasi haufai, kwa sababu makali yake ni marefu na huoni ncha inaishia wapi. Tena mara nyingi ni butu, unavuta unywele badala ya kuukata. Utajua kwamba mkasi ni butu ukiona nywele zinakunjika katikati ya makali, au mtu anakunja uso kila ukibana. Uweke taulo shingoni, kioo, na mwanga unaotoka mbele. Taa ya juu peke yake inaweka kivuli cha pua hapohapo unapotaka kuona.

Mashine nayo je? Ami alisema mwanafunzi aiweke kando kwa mstari wa mdomo. Mkasi unakata unywele mmoja mmoja au mitatu, na ukikosea unasimama. Mashine ikiteleza mara moja imeshachukua pengo. Na ukitumia mashine bila kitana chake, au wembe, unakata nywele hadi kwenye ngozi. Kwa nywele za kujikunja hilo lina matatizo yake: ncha iliyokatwa karibu sana inaweza kujikunja na kuingia tena ndani ya ngozi, ukapata vipele vinavyouma juu ya mdomo. Kwa Babu kulikuwa na sababu ya pili. Tangu kiharusi anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande, na mchubuko mdogo tu kwake hutoka damu muda mrefu. Kwa hiyo wembe haukuingia chumbani kabisa. Kama unamhudumia mzee, hili uliza kabla hujaanza.

Siku yenyewe

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, kama desturi yake ya zamani. Nilimkalisha kwenye kiti kando ya dirisha, mgongo umenyooka, kichwa hakikulazwa nyuma. Vinyozi wengi humlaza mtu wakimnyoa ndevu, lakini kwa sharubu nataka nione linavyoning'inia akiwa amekaa, kwa sababu anakula akiwa amekaa. Mimi nikakaa kwenye kigoda mbele yake ili macho yangu yawe sawa na mdomo wake. Ukisimama juu ya mtu, kila kitu kinaonekana kifupi kuliko kilivyo.

Nikaliosha kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nikalifuta, tukanywa chai huku tunangoja likauke. Zilipita kama dakika 20.

Kisha kitana. Nilichana nywele zote kwenda chini, moja kwa moja kuelekea mdomoni, hata zile za pembeni ambazo zina tabia ya kulala kwa mshazari. Zilipolala vile nikaona wazi hali yenyewe: nywele ndefu zilipita ukingo wa mdomo kwa karibu sentimita moja, na chache zilikuwa zimejikunja kuingia ndani ya mdomo. Hizo ndizo zilizokuwa zinabeba uji.

Mkono wangu wa kushoto ukashika kitana. Mkono wa kulia, wenye mkasi, niliuegemeza kidole kidogo kwenye kidevu chake. Hii ndiyo siri ya kazi nzima, hasa kwa mtu anayetetemeka: mkono wako ukikaa juu ya uso wake, akisogea unasogea naye. Mkono unaoelea hewani ndo unaokata vibaya. Mkasi uwe umelala sambamba na mdomo, ncha zisielekee ndani.

Mkato wa kwanza sikuuweka kwenye ukingo. Niliuweka milimita 3 hivi chini yake, katikati. Yaani niliacha nywele bado zinagusa mdomo. Babu akauliza, "Mbona hukati?" Nikamwambia nakata, Babu, taratibu. Nikatoka katikati kuelekea kushoto kwa mikato midogo ya ncha tu, nikarudi katikati, nikaelekea kulia. Nikachana tena. Hapo ndipo utaona miujiza ya kitana: nywele nyingine zilizokuwa zimejificha zinashuka, ndefu kuliko zote. Nikapita mara ya pili, sasa nikiufuata ukingo wenyewe wa mdomo.

Ukingo huo haujanyooka. Una vilima viwili vidogo na bonde katikati, halafu unashuka kwenye pembe. Fuata umbo hilo. Ukikata mstari ulionyooka kama rula, mahali pengine utaacha pengo na mahali pengine nywele zitabaki zinafunika mdomo. Pembeni ndiko wanafunzi wengi tunakosahau, na ndiko kijiko kinakopita.

Kwa nini bado linashuka

Nilipomaliza mstari niliona kitu ambacho Ami alinionya. Ukingo ulikuwa safi, lakini sharubu lilikuwa limetokeza mbele kama ufagio. Kesho yake likilala tu, litafika mdomoni tena.

Sababu ni hii. Nywele zinazofika mdomoni si zile zinazoota karibu na mdomo peke yake. Nyingi zinaanzia juu, chini ya pua, na zinateremka juu ya zile za chini. Ukikata ncha za chini tu, unene wote wa juu unabaki, na uzito wake unasukuma kila kitu chini. Kwa hiyo kuna kazi ya pili, ya kupunguza unene.

Unaingiza kitana kutoka chini, karibu na mdomo, meno yakielekea juu, unakinyanyua pole pole mbali na ngozi. Nywele zitapita katikati ya meno na kuchomoza upande wa nje. Zile zinazochomoza sana ndizo unazokata, na kitana kinakaa kati ya mkasi na ngozi kama ukuta. Umbali wa kitana kutoka kwenye ngozi ndio urefu utakaoubakisha. Kwa Babu nilikiweka kama sentimita moja, nikapita mara mbili tu. Nikachana tena kwenda chini, nikaangalia, nikagusa ncha tatu au nne zilizobaki.

Hapa ndipo pa kujizuia. Unene ukipunguzwa kupita kiasi ngozi inaonekana kwa mabaka, na kwa mzee mwenye nywele nyeupe inaonekana haraka zaidi. Ukiwa na shaka, acha. Nywele za usoni hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ulichokiacha unaweza kukikata kesho, lakini ulichokikata vibaya utakingoja wiki mbili.

Jaribio la chai

Sasa swali: utajuaje kwamba imetosha? Kioo hakitoshi, kwa sababu kwenye kioo mdomo umefungwa. Ukila, mdomo wa juu unabadilika umbo. Nilimwomba Babu asogeze midomo mbele kama anapuliza chai ya moto. Nywele mbili upande wa kulia zikagusa mdomo wa chini. Nikamwambia atulie, nikachana, nikazikata hizo mbili tu. Kisha nikamwambia aseme "baba" na "mama" taratibu. Kwenye "b" na "m" midomo inakutana, na unywele mrefu unanaswa katikati, mwenyewe anausikia kabla wewe hujauona. Mwisho nikampa kikombe cha chai ya maziwa. Akanywa. Nikaangalia: hakuna utando.

Waingereza wa karne ya 19 walikuwa na tatizo hilihili, tena kwa lazima, kwa sababu wanajeshi wao walikatazwa kunyoa mdomo wa juu mpaka amri hiyo ilipofutwa mwaka 1916. Wao walitengeneza vikombe maalumu vyenye kirafu ndani, sharubu linakaa juu ya kirafu, chai inapita chini. Nilimwonyesha Babu picha kwenye simu. Akaiangalia sana, akasema, "Yaani wamekata kikombe, wakaacha sharubu."

Ukikosea

Ukiona upande mmoja umepanda, usiufuate upande wa pili papo hapo. Chana kwanza. Mara nyingi si kwamba umekata zaidi, ila nywele za upande ule zimelala vibaya. Ukichana na bado tofauti ipo, weka mkasi chini, ondoka, rudi baada ya saa moja. Tofauti ya milimita moja watu hawaioni, na uso wa mtu wenyewe haulingani pande zote mbili. Kama tofauti ni kubwa, shusha upande mrefu mara moja tu, nusu ya tofauti, uishie hapo. Nusu nyingine itajazwa na siku.

Ukiona kuna kidonda, malengelenge au vipele vyenye usaha juu ya mdomo, usikate eneo hilo, subiri lipone. Na kila mtu awe na mkasi na kitana chake. Mimi nina vyangu, Babu ana vyake, na baada ya kazi vinaoshwa kwa sabuni na kukaushwa, la sivyo mkasi unashika kutu na kuanza kuvuta.

Ile rangi ya manjano ya bizari haikutoka kwa sabuni. Ilitoka kwa mkasi, kwa sababu karibu yote ilikuwa kwenye zile ncha zilizopita mdomo. Iliyobaki inaondoka yenyewe kadiri tunavyokata.

Tumekubaliana kila Ijumaa ya pili. Katika wiki mbili zinaongezeka kama milimita 5, na hiyo inahitaji dakika 10 tu, mstari peke yake. Unene napunguza mara moja kwa mwezi. Mwenyewe kila asubuhi anachana kwa mkono wa kushoto, kwenda pembeni badala ya chini, ili nywele zijizoeze kulala zikiuacha mdomo. Mwanzoni alikuwa anakiangusha kitana. Sasa hakianguki sana.

Jumapili ile Shangazi alikuja tena na wanawe. Mama aliweka sahani ya Babu kwenye sinia ili nimpelekee juu. Kabla sijaishika tukasikia ngazi zinalia. Akashuka, akakaa pale pale anapokaaga, akavuta bakuli la mchuzi karibu yake. Mtoto wa Shangazi akamwangalia mdomoni tena, nikashikwa na hofu.

"Babu," akasema, "kumbe una mdomo!"

Safari hii Babu ndo aliyecheka wa kwanza.